Karani wa Malaba na Miezi Yake Sita

Fomu ya tathmini iliyofika mezani kwangu Julai 2019 ilikuwa na mistari mitatu tu ya maelezo. Msimamizi alikuwa ameandika kwamba karani mpya ni mzembe, hajui misimbo ya bidhaa, na anachelewa kazini. Mwisho, kwa herufi kubwa: ASITHIBITISHWE.

Wakati huo nilikuwa meneja wa tawi la Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, la kampuni ya uwakala wa forodha ambayo makao yake yako Kampala. Binti mwenyewe alianza kazi tarehe 4 Februari kwa mkataba wa majaribio wa miezi sita, kwa hiyo siku yake ya mwisho ilikuwa tarehe 3 Agosti. Kazi yake ilikuwa kupiga entri, yaani kuchukua ankara na orodha ya mzigo, kuupa kila mzigo msimbo wake, kisha kulituma tamko la forodha kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kupitia ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha. Entri ikiwa na kasoro, afisa wa forodha huirudisha. Lori hulala yadi, dereva anapiga simu, mwenye mzigo anapiga simu, na mwenye lori anaanza kuhesabu siku zake.

Ninachoangalia kwanza kabla ya tathmini ya namna hii ni kalenda. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema majaribio yasizidi miezi sita, na mwajiri akitaka kumwachisha mtu aliye kwenye majaribio ampe notisi ya siku 14, au amlipe mshahara wa siku 7 badala ya notisi. Nikihesabu kurudi nyuma kutoka Agosti 3, barua ya kumwachisha ilipaswa kumfikia kufikia Julai 20. Nikapanga kikao Jumanne ya tarehe 16. Mwajiri anayengoja wiki ya mwisho huwa ameshaamua bila kujua: ama anaharakisha barua, ama siku inapita kimya na karani anaendelea kuja kazini huku hakuna anayejua ana mkataba gani.

Jambo la pili lilikuwa kumwomba msimamizi ushahidi. Yeye ni mzee wa mpaka, ameishi na forodha tangu enzi za makaratasi ya kaboni, na hakupenda ombi langu. "Madamu, mimi namwona kila siku," alisema. Nikamwambia namwamini, lakini barua itabeba sahihi yangu. Tukafungua daftari la entri zilizorudishwa.

Za binti zilikuwa 31. Kwa mtazamo wa haraka hilo ni rundo. Lakini nilipozipanga kwa tarehe, 22 zilikuwa za Februari na Machi, na nikakumbuka kwamba karani mwenzake aliyepangiwa kukaa naye mwezi mzima alihamishiwa Elegu na makao makuu kabla hata ya wiki ya tatu. Zilizobaki tisa zilitawanyika kuanzia Aprili hadi Julai. Hizo ndizo zilizonihusu, kwa sababu makosa ya mtu aliyeachwa peke yake mwezi wa pili hayaniambii atakuwaje mwezi wa saba. Kati ya hizo tisa, saba zilikuwa za aina moja: spea za magari zinazotoka Nairobi, mzigo wa mchanganyiko, gereji nne au tano zimechangia lori moja.

Mtu asiye wa kazi hii anaweza kudhani spea ni spea, zote ziingie 8708, msimbo wa sehemu za magari. Haziingii hivyo. Filta ya oili ina kwake, 8421.23. Mikanda ya mpira iko 4010, beringi 8482, plagi 8511.10. Hapo ndipo msimamizi alipohitimisha kwamba binti hajui misimbo, na aliyaona makosa sawasawa. Mimi sikuwa na hakika kama kisa ni hicho.

Kwa hiyo kwenye kikao sikuanza na fomu. Kifungu kilichokuwa cha 66 wakati huo, kinachomtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfukuza, hakimbani aliye na mtu wa majaribio, na wengi hukitumia kama ruhusa ya kutosikiliza. Mimi humsikiliza, kwa sababu bila hivyo sijui ninachoamua. Nilimwekea binti ankara halisi ya wiki iliyopita, ambayo hakuwa ameishughulikia yeye, pamoja na kalamu na karatasi. Nikamwambia aipange mbele yetu huku akisema kwa sauti anachofanya.

Filta aliiweka mahali pake bila kufungua kitabu. Mikanda, beringi, plagi, vivyo hivyo. Msimamizi alianza kujikuna kidevu. Kisha binti akafika kwenye mstari ulioandikwa "vifaa vya breki, katoni 6", akasimama. Akaandika 6813, akafuta, akaandika 8708.30.

"Kwa nini umebadilisha?" nikamuuliza.

"Madamu, inategemea. Kama ni lainingi tupu, haijashikizwa kwenye chuma, ni 6813. Kama ni pedi, imeshikamana na bamba lake, inaingia 8708.30. Ankara haisemi."

"Sasa utajuaje?"

Akanyamaza kidogo. "Nitakisia pedi. Ndizo nyingi."

"Na mwenye mzigo, namba yake iko hapo juu."

Akatazama chini. Ikachukua muda hadi akasema kwamba mwezi wa tatu alimpigia mteja mmoja wa Kampala kuuliza swali kama hilo, na yule mzee akamfokea kwamba analipa wakala ili asiulizwe maswali, kisha akampigia msimamizi kulalamika. Tangu siku hiyo ankara ikikaa kimya, yeye hukisia.

Hapo picha iligeuka. Msimamizi alikuwa anapendekeza, endapo hataachishwa, apelekwe kozi ya misimbo. Kozi hiyo isingebadilisha chochote, maana misimbo anaijua. Alichokosa ni kuinua simu. Hilo linaweza kurekebishwa, na zaidi ya hayo linaweza kupimwa: entri yenye bidhaa isiyoelezwa ama ina kumbukumbu ya simu iliyopigwa, ama haina.

Kuchelewa nako hakukuwa na la kujitetea. Daftari la mahudhurio lilionyesha Jumatatu, na Jumatatu tu. Alikuwa anaenda kwao Mbale kila wikendi na kurudi na teksi ya alfajiri, ambayo haiondoki mpaka ijae. Alikubali mwenyewe. Nikamwambia teksi si ya kampuni. Arudi Jumapili jioni.

Baada ya kikao mkurugenzi alipiga simu kutoka Kampala. Alikuwa ameshasoma fomu. "Mpe siku zake 14 aende. Watu wa kupiga entri wamejaa." Nikamweleza tuliyoyaona. Akakubali nusu, kisha akaja na wazo ambalo nimelisikia kwa wakurugenzi wengi: mkataba huu uishe, tumwandikie mwingine wa majaribio kwa cheo tofauti, karani wa nyaraka, tuanze kuhesabu upya. Nikamwambia sheria imefunga mlango huo. Mwajiri hamwajiri mtu yule yule kwa majaribio zaidi ya mara moja.

"Basi mthibitishe, tumalize."

Hilo nalo sikulitaka. Mpaka wa Malaba haulali, na kwetu karani aliyethibitishwa huingia zamu ya usiku peke yake, bila msimamizi wa kumuuliza. Kumweka usiku mtu anayekisia ni kumtegea mtego yeye na wateja. Ikabaki kurefusha. Huwa sipendi kurefusha, kwa sababu mara nyingi ni njia ya meneja kukwepa kusema ndiyo au hapana. Nakubali tu pale ninapoweza kuandika nini kitakuwa tofauti siku ya mwisho, na nani atakiona. Safari hii niliweza. Sheria inaruhusu nyongeza isiyozidi miezi sita, lakini nilichukua mitatu. Mizigo ya spea ilikuwa ikiingia kila wiki, na mtu asiyebadilika katika mizigo kumi na kitu habadiliki katika ishirini.

Nyongeza hiyo haiwezekani bila ridhaa ya mfanyakazi. Wapo wanaotuma barua ya "tumekuongezea majaribio" kana kwamba ni tangazo. Mimi nilimwita binti nikampa rasimu. Akaisoma yote, taratibu.

"Na nikikataa, Madamu?"

"Ukikataa nina njia mbili, kukuthibitisha au kukuachisha, na leo siwezi kukuthibitisha."

Sikutaka kulipaka asali. Nikamwambia aende na rasimu nyumbani, anijibu Ijumaa, tarehe 19, siku moja kabla ya dirisha langu la notisi kufunga.

Ijumaa alirudi na masharti yake yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari. Moja, apewe simu ya ofisi na muda wa maongezi, maana wateja wa Kampala alikuwa akitakiwa awapigie kwa pesa yake. Mbili, mteja akilalamika kwa sababu ameulizwa bidhaa, msimamizi amjibu mteja, asimgeukie yeye. Tatu, tathmini iwe kila wiki mbili na iandikwe, si kuambiwa mlangoni. Nne, bima ya matibabu ya waliothibitishwa ianze sasa. Nilifurahi kimoyomoyo, mtu anayeweza kuandika sharti la pili ameelewa tatizo lake kuliko sisi. Mkurugenzi aliikataa ya bima, tatu zikapita. Tukaweka sahihi wote watatu. Msimamizi alisaini mwisho, akasema, "Haya, tutaona."

Tathmini za wiki mbili ndizo zilizokuwa na kazi, na za kwanza nilizifuata mwenyewe, maana msimamizi aliandika "anaendelea vizuri" akadhani imetosha. Nilimrudishia. Nilitaka mambo mawili: ni mizigo mingapi ilikuwa na mstari usioeleweka, na katika hiyo ni mingapi ina kumbukumbu ya simu. Kufikia Septemba alikuwa akizijaza bila kukumbushwa, na siku moja nilimsikia akimwambia mteja kwenye simu, "Mzee wangu, huyo binti asipokuuliza, lori lako litalala huku wiki nzima."

Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Oktoba entri zake za spea zilizorudi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kosa lake la wazi, tarakimu ya uzito. Nyingine mteja mwenyewe alisema pedi, sanduku likafunguliwa likakutwa na lainingi. Alichelewa Jumatatu moja, mvua ilipokata barabara, na alipiga simu kabla ya saa mbili asubuhi.

Barua ya kumthibitisha niliiandika wiki ya mwisho ya Oktoba, akaingia zamu ya usiku Novemba. Mkurugenzi alipoisaini aliuliza jambo moja tu, kama likizo yake ya mwaka tuihesabu kuanzia tarehe ya kuthibitishwa. Nikamjibu kwamba inahesabiwa tangu Februari 4, na kwamba binti ameshaniomba siku tano za Desemba.