Taa ya difu loki inayopepesa bila kutulia: nilivyoitatua kwenye Hilux

Gari hii inapita mchanga wa Msimbati, Mtwara. Ukibonyeza swichi ya difu loki ukiwa kwenye 4L, taa ilipepesa bila kukoma. Kupepesa kidogo ni kawaida: mota ya difu imeamriwa kufunga, meno ya loki hayajaingia. Kutembeza gari polepole huku usukani ukizungushwa kidogo huku na huku kwa kawaida huyaingiza, na taa hutulia. Hapa haikusaidia, wala kubadilisha fyuzi.

Kabla ya kununua mota, hakikisha kama loki yenyewe inashika. Niliweka kabari magurudumu ya mbele, nikainua ya nyuma yote mawili juu ya stendi, gia nyutro, 4L, swichi imewashwa, hendibreki imeachiwa. Nikazungusha gurudumu moja kwa mkono. Lingekuwa huru, la pili lingezunguka kinyume. Yote yaligoma, yaani loki ilikuwa imeingia. Kilichokosekana ni taarifa tu.

Taarifa hiyo hutoka kwenye swichi ndogo iliyofungwa kwenye difu ya nyuma. Nilichomoa soketi yake nikapima swichi kwa mita: loki ikiingia mkondo unapita, ikitoka unakatika. Swichi ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa ndani ya soketi: pini moja ilikuwa na kutu ya kijani na imerudi nyuma, kwa hiyo kwa nje soketi ilionekana imekaa vizuri. Nikaisafisha kwa dawa ya kontakti, nikaisukuma mpaka ikalia "tik", nikapaka grisi ya umeme kwenye mpira. Taa sasa inapepesa kidogo, kisha inatulia.