Dola za mgeni wa Toronto zimekwama wapi? Jinsi nilivyotatua

Mgeni wa gesti yetu Paje katuma dola Ijumaa saa 10 jioni kwao Toronto, huku kwetu saa 5 usiku, risiti inaonesha Ijumaa lakini Jumatatu mchana akaunti bado kavu. Nikamwomba MT103 (risiti ya benki yenyewe, si skrinshoti ya app), nikaangalia hapa:

```
:32A:250616USD1200,
```

Yaani benki zinahesabu malipo kuanzia tarehe 16 Juni 2025, Jumatatu, si Ijumaa, kwa sababu muda wa mwisho wa benki yake ulishapita. Na asubuhi ya New York, dola zinakopitia, kwetu jioni benki zishafungwa, basi zikaingia Jumanne. Sasa namwambia mgeni atume Alkhamisi asubuhi yake, Ijumaa kwa kawaida zinaonekana, sikukuu zao zikiwa hazijaingilia.