Tafakari ya wiki: Kinanda cha uani

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa sana kwenye Mwanzo 26, kuanzia mstari wa 18, pale Isaka anarudi kwenye visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu baba yake, Wafilisti walikuwa wamevifukia baada ya mzee kufa, naye anavichimbua tena na kuviita majina yaleyale aliyoviita baba yake. Hapo kwenye majina ndo nimekwama siku zote hizi, na sababu ni kitu kilichotokea uani kwa baba yangu huku Tanga, mwanangu akiwa likizo.

Pale uani kuna pampu ya mkono ya zamani, ile nyeusi nzito yenye mdomo kama wa bata na mpini mrefu uliopinda. Tangu mabomba yaingie mtaani hakuna aliyeigusa, na nyie mnajua upepo wa bahari unavyokula chuma. Sasa mwaka huu bomba likawa linatoa maji siku mbili kwa wiki, wiki nyingine hata tone hakuna, mtoto akachoka kubeba madumu akaenda kuuvuta ule mpini. Haukutikisika. Akaning'inia nao mzima mzima, wapi. Akaenda kutafuta kipande cha bomba la chuma achomeke kwenye mpini aurefushe apate nguvu, na hapo ndo babu yake akatoka ndani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Weka hilo bomba chini mjukuu wangu. Hiki ni chuma cha kumimina kwenye kalibu, hakipindi hiki, kinapasuka bila kukuaga. Ukivunja haya masikio yanayoshika pini, tumebaki na pambo."

Baba alifanya kazi miaka mingi karakana ya shamba la mkonge, kwa hiyo mtu wa haraka yeye siyo. Kitu cha kwanza wala hakugusa pampu, alifungua kifuniko cha kisima akateremsha jiwe kwa kamba, akalivuta, akapima sehemu iliyobaki kavu: mita 5 na kidogo. Akamweleza mtoto kwamba pampu ya aina hii inafyonza kutoka juu, maji yakishuka chini ya kama mita 7 haiyafikii hata iwe mpya, so kama kisima kingekuwa kimeshuka huko wangekuwa wanahangaikia bure.

Alafu akamuuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijaliwaza. "Unasema mpini umeganda. Umejuaje kama ni mpini?"

Maana mpini una pini mbili. Moja ndo imeubeba, inapita kwenye yale masikio mawili ya kichwa cha pampu. Nyingine iko mbele, inaunganisha mpini na fimbo ya chuma inayoshuka hadi kwenye pistoni ndani ya tumbo la pampu. Kilichoganda kinaweza kuwa pistoni kule ndani, na wewe unaugombeza mpini usio na kosa. Basi wakaanza na ile ya mbele, bahati ilikuwa haijaliwa sana, babu akaisukuma kwa kipande cha mti mgumu akigonga kwa nyundo ndogo (mti, siyo msumari, ili kichwa cha pini kisichanue), ikatoka. Fimbo ikiwa huru mtoto akaishika akaivuta juu, ikaja kwa shida ila ikaja. Mpini palepale, kama umechomelewa. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye pini kubwa tu.

Wapendwa, mimi hapo nilisimama mlangoni na ungo mkononi nikafikiria ni mara ngapi nimemwombea mtu moyo wake ulainike na sijawahi kukaa nikaangalia amekwama wapi hasa. Naendelea.

Kutu ikishamea inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndo maana pini inakabwa kutoka pande zote. Babu akachanganya mafuta ya taa na oili kidogo ya injini kwenye kikombe cha bati, akaziba tundu la fimbo kwa matambara mazito ili lisidondoke hata tone kisimani, maana maji ni ya watu, alafu akampa mjukuu unyoya wa kuku. Kazi yake: kuchovya, kudondoshea tone moja moja pale pini inapoingilia sikio, kugonga sikio taratibu kwa mpini wa nyundo ili mafuta yatambae, na kuondoka. Asubuhi, mchana na jioni. Mtoto wa miaka 10 na unyoya, mnaweza kuwaza. Siku ya kwanza aliuliza kama mara kumi hivi. Siku ya pili akanuna. Babu akamwambia asiangalie upande anaotia mafuta, aangalie upande wa pili.

Siku ya tatu asubuhi nikasikia mtu anapiga kelele "babu njoo! inatoa jasho!" Nikatoka mbio nami. Kwenye sikio la upande wa pili, kuizunguka pini, palikuwa na utepe mwembamba wa majimaji ya kahawia rangi ya chai ya rangi, yanateremka pole pole kwenye chuma. Mafuta yamepita, na yametoka na kutu.

Hata hapo hawakuvuta. Babu alichora mstari wa chaki kutoka kwenye sikio hadi kwenye mpini, akamwambia sukuma chini kidogo, sasa nyanyua kidogo, chini, juu. Kwa macho huoni kitu, ila ule mstari ukaanza kuachana, upana wa ukucha tu. Na kila ukiachana walirudi nyuma na kuongeza tone, kwa sababu ukilazimisha upande mmoja unga wa kutu unajikusanya mbele na pini inakaba upya. Wamefanya hivyo mpaka adhana ya adhuhuri, ndo mpini ukashuka wote kwa mlio mmoja mrefu, na baba yangu akafunga macho akatabasamu, mi nikajua amesikia kitu ambacho sisi hatujasikia.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Pini ikatolewa ikasuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa grisi, ikarudi. Washa ya ngozi ya pistoni ilikuwa imekauka kama ganda la muhogo, ikalazwa kwenye maji usiku kucha ivimbe. Kesho yake wakamimina jagi la maji juu ya pistoni kuinywesha, ngozi ikabana ukuta wa pampu, mtoto akapiga mpini mara nyingi na hewa tupu, alafu mpini ukawa mzito mkononi mwake na maji yakaja, mekundu kwanza, tukayamwaga ndoo kwa ndoo mpaka yakawa meupe. Ya kunywa tunachemsha.

Jioni tumekaa uani nikawasomea ile Mwanzo 26. Nilipofika kwenye majina mtoto akauliza, "Babu, na hiki kilikuwa na jina?"

Baba akanyamaza kidogo. "Mama yangu alikiita Kinanda. Kwa ule mlio. Alfajiri ukiusikia unajua mama kaamka."

Mtoto akainuka akachukua ile chaki, akaandika KINANDA kwenye saruji chini ya pampu. Alafu akapiga mpini mara mbili tatu, ametega sikio.

"Mbona hakilii tena?"

"Grisi hiyo," babu akasema. "Ngoja ikauke, utamsikia bibi yako."