Nilivyosaidia kurekebisha ujumbe wa pole uliogeuka lawama

Jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma, alinipa simu nisome. Rafiki yake, karani wa ghala karibu na bandari, alikuwa ameachishwa kazi, na jirani akamwandikia: "Pole sana kaka. Ila ungekuwa unawahi kazini haya yasingekukuta. Sasa usikae tu, tafuta cha kufanya." Jibu lilikuwa "Sawa", kisha kimya.

Pole yenyewe haikuwa na kosa. Iliharibiwa na "ila": kinachofuata baada ya neno hilo ndicho msomaji anachobaki nacho. "Ungekuwa" ikamfanya mkosaji, na "usikae tu" ikamwita mvivu kabla hata hajakaa.

Alitaka kuufuta. Nikamkataza. Mwenzake alishausoma, na WhatsApp ingebakiza alama kwamba kuna ujumbe umefutwa. Angeonekana anaficha ushahidi. Rasimu yake ya kwanza ilisema "kama nimekukwaza, samahani, sikumaanisha hivyo". Hilo "kama" linamtwisha aliyeumia kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Na "sikumaanisha" ni kujitetea tu, kwa sababu maneno yapo pale pale kwenye skrini.

Tukaandika hivi:

"Kaka, habari za jioni. Ile sentensi niliyokuandikia kuhusu kuwahi kazini haikuwa ya haki. Sijui yaliyotokea huko, na hukuniuliza maoni. Nisamehe. Pole kwa kupoteza kazi. Si lazima unijibu. Jumamosi jioni nikipita kukusalimia, ni sawa?"

Inataja sentensi yenyewe, ili mwenzake asibaki akikisia anaombwa radhi kwa lipi. Haina "ila". Na swali la mwisho linajibika kwa neno moja, jambo linalomfaa mtu asiye na hamu ya kuandika. Alifikiria pia kumtumia elfu kumi papo hapo. Nikamwambia asubiri, kwa kuwa pesa ikiongozana na samahani inanuka kununua msamaha. Kumwomba radhi kwenye grupu la mtaa nako kungewatangazia hata wasiojua.

Usiku likaja jibu: "Nimekuelewa. Ile ya kuwahi iliniuma kweli. Njoo." Angekaa kimya, ningemshauri asirudie kuomba radhi, salamu ya kawaida baada ya siku kadhaa ingetosha. Samahani tatu mfululizo humgeuza aliyeumia kuwa mbembelezaji wa aliyemuumiza.

Jumamosi nilimwonya asijadili sababu za kufukuzwa mpaka mwenyewe aanze. Ushauri mmoja tu haungoji sana: anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hata huo nilimwambia autoe kama swali: "Kuna muda wa kulalamika Tume, ungependa tuufuatilie pamoja?" Akisema hapana, chai iendelee.