Njaa ya wiki ya mwisho kabla ya hedhi, na jinsi nilivyoituliza

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa mbaya, na mpaka leo unaniudhi. Aliyekuwa akitufundisha mbio hapa Dar alinisikia nikisema kwamba siku chache kabla ya kuingia kwenye siku zangu nashikwa na njaa isiyo ya kawaida. Akanijibu, "Dada, hiyo si njaa, ni tamaa. Usiku achana na ugali, kunywa maji ya moto na limau."

Nikafuata kwa moyo wote. Chakula cha usiku kikawa mchicha na kipande cha samaki, basi. Usiku wa kwanza nililala vizuri. Uliofuata niliamka usiku wa manane, nikala mkate na siagi hadi ukaisha, kisha kashata nilizowanunulia watoto. Asubuhi nikaenda mbio miguu ikiwa mizito tangu mwanzo. Kilichoniuma zaidi ni mizani: nilikuwa nimeongezeka zaidi ya kilo moja, na mwalimu akasema nakula kwa siri. Hakujua, na mimi sikuambiwa, kwamba wanawake wengi mwili hushika maji siku hizo, na uzito huo huondoka wenyewe damu ikishaanza.

Nesi wa kliniki ya karibu na kwetu ndiye aliyenifafanulia. Yai likishatoka kwenye ovari, homoni ya projesteroni hupanda. Joto la mwili huongezeka kidogo, kama nusu nyuzi au pungufu, na mwili hutumia nishati zaidi hata ukiwa umekaa. Kwa wengi ongezeko ni dogo, tuseme kati ya kalori 100 na 300 kwa siku, na wengine halionekani kabisa. Hiyo haizidi chapati moja. Kwa hiyo njaa yenyewe ni ya kweli lakini haina ukubwa wa kutisha. Kinachoikuza ni kupunguza chakula juu yake.

Nikaanza na kalenda ya ukutani. Naizungushia duara siku ya kwanza ya damu, halafu nakadiria ijayo na kurudi nyuma kama wiki mbili, nijue yai linatoka lini. Nahesabu kwa kurudi nyuma kwa sababu nusu ya pili ya mzunguko haibadiliki sana. Inayorefuka au kufupika kwa kawaida ni ile ya kwanza.

Wiki ya mwisho ikifika, chakula nakiongeza mchana, sisubiri usiku. Asubuhi uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga, na yai la kuchemsha pembeni. Saa kumi jioni nakula kiazi kitamu na konzi ya karanga, na hapo ndipo penye siri yote. Zamani nilikuwa nakaa na njaa tangu chakula cha mchana mpaka saa mbili usiku, nikifika nyumbani naona kila kitamu kinaniita. Ugali umerudi mezani, na maharage au dagaa. Nikitaka kitu kitamu nakula tende mbili baada ya chakula, tumbo likiwa na kitu.

Mazoezi sikuyafuta. Tofauti ya nguvu kati ya wiki na wiki kwa wengi ni ndogo, na kila mwanamke ana yake. Mimi kinachonisumbua ni joto, basi wiki hiyo natoka saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimekula ndizi, na mbio ndefu naziweka baada ya damu kukata.

Damu inapotoka nageukia madini ya chuma: maini nikipata, dagaa, maharage. Chai naisogeza saa moja au zaidi baada ya kula, kwani inazuia chuma cha maharage na mboga kuingia mwilini. Limau nalo nalikamulia kwenye maharage, maana vitamini C husaidia chuma hicho kufyonzwa.

Rafiki yangu anayetumia sindano ya uzazi wa mpango alijaribu kalenda yangu asione lolote, na ni sawa, kwa sababu sindano hubadilisha mzunguko wenyewe. Na kama unabadili pedi kila saa moja au mbili, au damu inapita siku saba, chakula peke yake hakitoshi. Nenda ukapime wingi wa damu. Hedhi ikikata miezi mitatu na huna mimba, nenda hospitali pia. Nimesikia wakimbiaji wakipongezana kwa hilo eti mwili umekuwa wa mazoezi, kumbe mara nyingi ni mwili usiopata chakula cha kutosha, na mifupa inaweza kudhoofika.