Barua ya kuthibitisha mshahara

Siku niliyoliona pengo lile sikuwa nikilitafuta. Nilikuwa nikiandaa nyongeza ya mwaka, kazi ambayo afisa rasilimali watu huifanya akiwa na jedwali la mishahara mbele yake na tarehe ya mwisho ya mhasibu kisogoni. Kila mwaka nililipanga jedwali lile kwa idara. Mwaka ule mhasibu aliomba nilipange kwa daraja, ili aone ni kiasi gani kitaenda kwa kila ngazi, na kwa mara ya kwanza maafisa wawili wa ununuzi, dada mmoja na kaka mmoja, wakakaa mstari mmoja juu ya mwingine.

Sitataja mishahara yao halisi. Tuchukulie mshahara wa msingi wa dada ulikuwa 100. Wa kaka ulikuwa 132. Daraja moja, cheo kimoja, mkuu wa idara mmoja. Dada alikuwa amemtangulia kazini, na ndiye aliyemfundisha mwenzake mfumo wetu wa zabuni alipofika.

Nilidhani nimekosea safu. Nikarudi kwenye mikataba, na kosa moja kweli nikalikuta, lakini halikuwa langu. Posho ya nyumba ya dada ililipwa peke yake, 8 kila mwezi, wakati ya kaka ilikuwa imeingizwa ndani ya mshahara wa msingi tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo ulinganisho wa haki ulikuwa 108 kwa 132, yaani pengo la 24. Ningekimbilia kwa wakubwa na ile 32, mhasibu angenionyesha posho ile kwa dakika moja, na hoja yangu yote ingeishia hapo. Ila kuna jambo jingine lililojificha humo. Nyongeza yetu ilikuwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na posho haikuguswa. Nyongeza niliyokuwa nikiiandaa ingempa dada 5 na kaka 6.6. Kufikia mwezi uliofuata wangekuwa 113 kwa 138.6, na pengo lingefika 25.6. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa ukilipanua.

Jioni mbili nilibaki ofisini nikijaribu kulielezea pengo lile. Nilitaka kwa dhati lielezeke. Muda kazini ulimpendelea dada. Alama za tathmini ya utendaji za miaka mitatu zilikaribiana, mwaka mmoja dada juu, mwaka mwingine kaka. Ikabaki elimu. Kaka alikuwa na cheti cha taaluma ya ununuzi, na kanuni zetu zilisema wazi kwamba mwenye cheti hicho anaongezwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Nikashusha pumzi. Kisha nikafungua faili la dada, na nyuma kabisa, baada ya fomu za likizo, nikakuta nakala ya cheti kilekile, yenye muhuri wa kupokelewa wa miaka miwili nyuma. Aliileta, tukaipokea, tukaitia kwenye faili. Hakuna aliyefanya lolote.

Hata nilipomjalia 5 zake za cheti, pengo la 19 lilibaki, na chanzo chake kilikuwa kwenye faili la kaka. Fomu yetu ya usaili iliuliza: mshahara wako wa sasa ni kiasi gani? Kaka aliandika alichokuwa akilipwa alikotoka, na barua yake ya ajira ikakijumlishia kidogo juu yake. Dada alipanda kutoka ukarani ndani ya ofisi yetu, kwa hiyo akawekwa kwenye kiwango cha chini kabisa cha daraja. Hakuna aliyekaa akaamua kumpunja. Kila mmoja alibeba mshahara wake wa zamani, na asilimia za kila mwaka zikajengea juu ya msingi huo. Barua ile ya ajira ilisainiwa na meneja wangu, aliyenifundisha kazi hii. Fomu ya usaili niliichapa mimi.

Nikawapanga wote tisa wa daraja lile. Watano walipanda kutoka ndani, na wote watano walikuwa nusu ya chini ya kiwango. Wanne waliotoka nje walikuwa nusu ya juu. Kati ya wale watano wa chini, wanne walikuwa wanawake na mmoja mwanamume. Kati ya wanne wa juu, mwanamke alikuwa mmoja. Nilimtazama sana yule mwanamume mmoja wa chini. Ningeandika tu kwamba wanawake wanapunjwa, angetajwa yeye kuwa ushahidi wa kunikanusha, ilhali naye amepunjwa kwa njia ileile. Madhara yalikuwa yakiwaangukia zaidi wanawake, lakini mlango yaliyopitia ulikuwa namna tunavyopanga mshahara wa kuanzia. Ilinibidi niseme yote mawili.

Nilikuwa bado napima nianzie wapi, dada mwenyewe alipobisha hodi.

"Dada, naomba barua ya kuthibitisha mshahara. Nataka kuomba mkopo."

Barua kama ile ni ya kawaida: jina, cheo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara. Nikaichapa, nikafika kwenye tarakimu, nikaandika kiwango chake, nikasaini. Baada ya siku chache akarudi. Mshahara haukutosha kwa kiasi alichoomba.

"Nimeambiwa nipunguze ombi," akasema, kisha akanitazama. "Hivi, sisi wa daraja hili ndio tunalipwa hivi?"

Nimeirudia sekunde ile mara nyingi. Mshahara wa kaka haukuwa mali yangu kumpa mtu. Niliujua kwa sababu ya kiti nilichokalia, na kaka hakuwa ametenda kosa lolote. Lakini kujibu "ndiyo" kungekuwa uongo, na huo nao nisingeweza kuurudisha mdomoni. Nikamwambia yaliyomhusu yeye: kwamba ana haki ya kuomba kwa maandishi kiwango cha chini na cha juu cha daraja lake, na jinsi alivyopangiwa nafasi ndani yake, na kwamba alete barua kuhusu cheti chake, akitaja tarehe aliyokileta. Akanyamaza kidogo. Nadhani alielewa kwamba nimejibu zaidi ya nilichosema.

Usiku ule niliamua. Nilikuwa nimefikiria kupita juu ya meneja wangu, kwa kuwa saini ilikuwa yake. Lakini kumshtakia kwa mkurugenzi kabla hajasikia kungeligeuza jambo la mishahara kuwa ugomvi wa watu wawili, na wale watano wangesahaulika. Asubuhi nikamwomba nusu saa.

"Mama, kuna kitu nimekiona kwenye jedwali. Kinatuhusu mimi na wewe."

Nilimwonyesha fomu yangu kwanza, kisha barua yake. Alikaa kimya muda mrefu, akalisoma faili la dada mpaka kwenye cheti. "Kwa nini hukuniambia wiki ile ile?" akauliza. Sikuwa na jibu zuri. Kati ya siku nilipoliona na siku nilipolisema zilipita wiki tatu, na tulibakiwa na siku nne tu kabla ya nyongeza kusainiwa. Baada ya saini bajeti ya mishahara hufungwa, na kila hoja huambiwa isubiri mwaka ujao.

Tuliandika kurasa mbili. Majina hayakuwamo, tuliweka herufi tu, na nakala zilikuwa mbili, zote mkononi, hakuna iliyotumwa kwa barua pepe. Ukurasa wa kwanza ulionyesha kila maelezo tuliyoyajaribu na mahali yalipoishia, posho ikiwa ya kwanza. Wa pili ulieleza chanzo, na tulichoomba: walio chini wapandishwe, asiguswe wa juu hata mmoja, cheti kilipwe kuanzia tarehe ya muhuri, na swali la mshahara wa sasa liondolewe kwenye fomu.

Mkurugenzi alisoma, akaweka kidole palipostahili. "Lakini kazi zao si sawa. Huyu ananunua mitambo na vipuri. Yule ananunua huduma na vifaa vya ofisi."

Hoja hiyo tuliitarajia. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, hauzungumzii kazi zinazofanana sura. Unazungumzia kazi zenye thamani sawa, na thamani hupimwa. Tulikuwa tumeziweka kazi zote mbili kwenye vigezo vinne vinavyotumika sana: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Kaka alihitaji ujuzi wa kiufundi wa mitambo, na pale tulimpa alama za juu. Dada alisimamia mikataba mingi zaidi kwa wakati mmoja, na mikataba ya huduma haimalizwi kwa kupokea mzigo na kuhesabu, mtu hufuatilia utekelezaji wake mwezi hadi mwezi. Pale alama zilimwendea yeye. Jumla zilikaribiana sana. Mkurugenzi alitaka kujua nani alitoa alama, nami nikakiri kwamba ni sisi wawili tu, na kwamba ingefaa mkuu wao wa idara azipitie. Alimwita palepale. Mkuu wa idara akabadilisha alama moja, ya kaka, akaipandisha. Jumla bado zilibaki karibu.

"Na hawa wengine wakijua?" mkurugenzi akauliza.

Meneja wangu ndiye aliyejibu. "Watajua, bosi. Mmoja wao ameshaanza kuuliza."

Tulipata sehemu tu ya tulichoomba. Wale watano walipandishwa kwa awamu mbili, mwaka ule na uliofuata. Fomu ikabadilishwa wiki ileile. Malimbikizo ya cheti yalikubaliwa, kwa kuwa kanuni ilikuwa imeandikwa na muhuri ulikuwa na tarehe. Malimbikizo ya sehemu iliyobaki yalikataliwa.

Nilimpa dada barua yake mwenyewe mkononi. Aliisoma akisimama, akakaa, akaisoma tena. Kalamu yangu ikiwa mezani, aliichukua akapiga hesabu nyuma ya bahasha.

"Hii ni ya cheti," akasema. "Na hii ni kuanzia sasa. Na ile miaka mingine?"

Nilimwambia ukweli, kwamba iliombwa na ikakataliwa. Hakunishukuru, na sikutarajia. Aliomba nakala ya kanuni za mishahara, nikamtolea. Siku mbili baadaye alileta dai lake la maandishi, ukurasa mmoja, limeandikwa vizuri. Nililipokea, nikalipiga muhuri wenye tarehe, nikampa nakala yake. Halafu badala ya kulitia kwenye faili, nikasimama nikalipeleka juu.