Kidole Kilipopanda Kwenye Paji la Uso

Juzi mpwa wangu alinikuta mbele ya kioo nikifanya mazoezi ya alama, akaniuliza, "Mjomba, viziwi nao hutukanana?" Nilimjibu kwamba ndiyo, kisha mikono yangu ikabaki hewani, kwa sababu swali lake lilinirudisha kwenye jioni moja ya mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza Lugha ya Alama ya Marekani.

Tulikuwa wanane mezani, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nasikia. Mengi ya jioni ile yalinipita, kwa kuwa mazungumzo yalikwenda kasi kuliko macho yangu. Ninachokumbuka ni kijana mmoja, kiziwi kama wenzake, aliyemwomba rafiki yake apunguze ukubwa wa alama zake kwa sababu watu wa meza ya jirani walikuwa wakitukodolea macho. Rafiki yule hakubishana naye. Aliinua kidole cha shahada, akakilaza mbele ya paji la uso wake, akakizungusha mara mbili kama anayeviringisha kitu kukipeleka mbele, huku macho ameyafinya na pembe moja ya mdomo ameivuta chini. Mikono yote mezani ilitulia.

Mimi nilidhani amekosea. Alama ya mtu anayesikia nilikuwa nimefundishwa mapema sana, nayo ni kidole kilekile na mzunguko uleule, ila hufanywa mbele ya midomo. Basi, kwa nia njema kabisa, nikamsahihisha kwa kuonyesha alama hiyo mdomoni. Hakuna aliyecheka. Mwalimu wangu, ambaye naye ni kiziwi, alinigusa kiwiko, akavuta daftari langu na kuandika: "Hajakosea. Amemtukana."

Alinieleza pale pale, nusu kwa maandishi na nusu kwa mikono. Kila alama hujengwa kwa umbo la mkono, mahali mkono unapowekwa, mwendo wake, upande kiganja kinakoelekea, na kile uso unachofanya wakati huo. Anayetaka kuunda neno la mitaani au tusi hahitaji kubuni alama mpya kabisa, kwa maana inatosha kuchukua alama ambayo kila mtu anaijua na kubadilisha sehemu yake moja tu, na mabadiliko hayo ndiyo yanayochoma. Mtu anayesikia huonyeshwa mdomoni kwa sababu viziwi wanachokiona kwetu si kusikia bali ni maneno yanayotoka mdomoni bila kukoma. Paji la uso nalo ni makao ya alama nyingi za akili, kama kufikiri, kujua na kuota. Ukiihamisha alama ile kutoka mdomoni hadi kwenye paji la uso, umesema kwamba huyu ni kiziwi wa masikio tu, ila kichwani mwake anafikiri kama wale wanaosikia na anaionea haya lugha yake mwenyewe.

Nilimuuliza kama si ile ishara ya wazimu tunayoifanya sisi tunaosikia. Alitikisa kichwa na kunionyesha tofauti: ile ya wazimu huelekeza ncha ya kidole kando ya kichwa, lakini hii kidole hulala mbele ya paji la uso na kuviringika. Akaniambia pia niutazame uso kabla ya mkono, kwa sababu alama hiyohiyo ikifanywa kwa tabasamu baina ya marafiki ni utani, na macho yakifinywa ni jambo ambalo mtu huenda nalo hadi nyumbani.

Si kila mabadiliko hukusudiwa kuumiza. Alama ya kuelewa hufanywa kwa ngumi karibu na paji la uso na kidole cha shahada kinachofyatuka juu, lakini ukifyatua kidole cha mwisho badala yake unakuwa umesema kwa mzaha kwamba umeelewa kidogo sana. Hapo mahali hapajabadilika, ni umbo la mkono tu.

Kijana aliyetukanwa hakujibu kitu. Alikula akiwa ameinama, na kwa kuwa hakututazama, hapakuwa na namna ya kumsemesha. Hata leo sijui kama alistahili, kwani naye aliogopa macho ambayo mimi, kwa kusikia kwangu, sijawahi kulazimika kuyaogopa. Mwalimu aliniomba niitambue alama ile nitakapoiona, ila nisiifanye kamwe, kwa sababu ikitoka kwa mtu anayesikia kumwendea kiziwi inakuwa kitu kingine kabisa. Nami nimeitii kauli hiyo.

Mpwa wangu alitaka nimfundishe tusi moja. Nilimwonyesha kuelewa kwa kidole cha mwisho. Alijaribu mara kadhaa, mkono ukakaa sawasawa, kisha akaniuliza, "Na uso niufanyeje?"